Sekunde 30 kabla ya wimbo: ushauri kwa wanaoanza kuandika katuni za vichekesho

Skripti nyingi za wanaoanza hufunguka namna moja. Jua linachomoza, jogoo anawika, mama anafagia uwanja, kisha mhusika mkuu anatoka nyumbani na kumsalimia kila jirani kwa jina ili tuwajue wote. Funika ukurasa huo kwa kiganja, usome kuanzia wa pili. Mara nyingi hutakosa kitu.

Ninazungumzia tukio la kufungulia, lile dogo linalokaa kabla ya wimbo na jina la tamthilia kutokea. Linatakiwa kumfikisha mtazamaji kwenye wimbo akiwa ameshacheka walau mara moja, na akiwa na swali linalomkera. Akicheka bila swali, ameshapata alichokifuata na anaweza kuhamia video nyingine. Akiwa na swali bila kucheka, atadhani ni tamthilia ya majonzi.

Tuchukue mfano tuutengeneze pamoja. Tamthilia yetu ni ya fundi cherehani asiyeweza kumwambia mteja hapana. Anaishi na Tatu, binti wa dada yake, mtoto mwenye macho makali anayeshika daftari la wateja. Katika kipindi hiki fundi amepokea kazi mbili za siku moja. Mwandishi mgeni atataka kutuonyesha mteja wa kwanza akija wiki iliyopita, halafu wa pili, halafu Tatu akionya. Hayo yote acha. Ingia pale mambo yalipokwisha kuharibika.

Picha ya kwanza: ndani ya duka, bwana harusi amesimama juu ya stuli. Shati jeupe, tai, ua kifuani, na chini bukta. Nje matarumbeta yanasikika kwa mbali. Hapo hajatamka neno, lakini tunajua ni siku ya harusi, tunajua hana suruali, na tunajua msafara unakuja. Kwa hiyo ile sentensi uliyotamani kuandika, "Fundi, leo ndiyo harusi yangu na uliniahidi tangu wiki iliyopita," haina kazi tena. Anachosema ni hiki tu:

"Fundi, suruali!"

Fundi, futi kamba shingoni, tabasamu usoni: "Imebaki vifungo tu."

Tatu anafungua mfuko. Ndani kuna kitambaa kizima, kimekunjwa, bado kina karatasi ya bei ya dukani. Anachungulia kikopo kilicho kando.

"Vifungo vipo, Mjomba. Imebaki suti."

Kimya. Matarumbeta yamesogea. Wengi wangekata hapa waende kwenye wimbo, kwa sababu kicheko kimepatikana. Lakini swali bado ni dogo: fundi atachelewa, na mafundi huchelewa kila siku. Tunahitaji kugeuza mara moja zaidi. Pazia la chumba cha kubadilishia nguo linafunguka, na anatoka mwanamume mwingine, mfupi, mnene: shati jeupe, tai, ua, bukta. Mkononi ana risiti. Mabwana harusi wanatazamana. Kisha wote wawili wanakitazama kitambaa. Upande wa pili wa mtaa, matarumbeta mengine yanaanza kupiga wimbo tofauti.

Fundi: "Kwani kati yenu nani anaoa mapema?"

Kata. Wimbo.

Hesabu maneno yanayosemwa: ni 16. Skripti ya sekunde 30 ikipita maneno 50 hivi huwa naanza kuishuku, kwa sababu Kiswahili kina maneno marefu na mwigizaji akilazimishwa kukimbia, kicheko hufa mdomoni. Pia ukurasa hukudanganya. "Wanatazamana, kisha wanakitazama kitambaa" unaisoma kwa kufumba na kufumbua, ila kwenye skrini inataka sekunde 5 au zaidi ili jicho lifuate. Chukua saa, igiza vitendo vyote wewe mwenyewe chumbani, usisome tu.

Ule ukimya baada ya mstari wa Tatu uandike kwenye skripti. Andika "Kimya, sekunde 2", usimwachie mchoraji wa storibodi, yule anayechora tukio picha baada ya picha, akisie, maana yeye hasikii sauti iliyomo kichwani mwako. Katika katuni, kimya hakitokei chenyewe kama kwenye jukwaa ambapo mchekeshaji anaisubiri hadhira. Lazima mtu akiamue. Sauti hurekodiwa kabla ya kuhuisha, yaani kabla ya kuipa michoro mwendo, kisha michoro ya storibodi hupangwa juu yake kuwa animatiki, yaani video ya picha zilizosimama yenye urefu kamili wa tukio. Hapo ndipo pa kujaribu: shikilia uso wa fundi kwa fremu 24, yaani sekunde moja, halafu kwa 48, uone ipi inachekesha. Kwenye animatiki jaribio hilo ni la dakika chache. Baada ya kuhuisha, ni kurudia kazi ya watu.

Na kazi hiyo si ndogo. Katuni ikiendeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na kila mchoro ukikaa fremu mbili, mhusika anayetembea bila kusimama kwa sekunde 30 anahitaji michoro 360. Studio nyingi hutumia vikaragosi vya kompyuta vyenye viungo, kwa hiyo hawachori kila mara upya; gharama yao inahamia kwenye kila mhusika mpya, kila pembe mpya na kila mandhari mpya. Tazama tena tukio letu. Mandhari ni moja, wahusika wanne, na mmoja amesimama juu ya stuli muda wote. Misafara miwili ya harusi ipo, lakini hatujachora hata mpiga tarumbeta mmoja, tunaisikia tu. Hili halikufanywa kwa ubahili peke yake. Umati usioonekana unatisha zaidi, na unaacha nafasi kwa sura mbili zinazotazamana.

Animatiki ikiwa tayari, mwonyeshe mtu asiyejua hadithi, kwenye simu, ukiwa umezima sauti. Wengi huanza kutazama hivyo hivyo, wakiwa kwenye daladala. Mzaha wa Tatu utapotea, ni kweli. Lakini wanaume wawili wasio na suruali na kitambaa kimoja ambacho hakijakatwa vinatakiwa kubaki. Mwulize: nani anataka nini, na unadhani nini kitafuata? Akijibu la kwanza na kubahatisha la pili, umefika. Akisema "sijui hawa ni nani," rudi kwenye picha ya kwanza, usiongeze maelezo mdomoni mwa mtu. Na akitabiri sawasawa kitakachofuata, tazama kama hukumpa fundi mstari wa mwisho wa kueleza mpango wake. "Tulieni, nitakata vipande viwili" ni mstari unaoua swali zima.

Jambo jingine ni kwamba tukio hili liandike baada ya kuijua hadithi ya kipindi. Kama hadithi yenyewe inahusu mtihani wa Tatu, mabwana harusi hawa watakuwa wamemdanganya mtazamaji, naye atawasubiri dakika zote wasirudi. Wapo wanaofungulia kwa mzaha usiohusiana na chochote, na wazoefu huuweza, lakini mwanzoni ufunge kwenye hadithi. Wimbo ukiisha usirudie yaliyokwisha kuonekana. Mkasi uwe tayari uko juu ya kitambaa, na Tatu ameshika upande wa pili akikataa kuuachia.