Katoni tatu za balbu, lebo zote si zake: kwa nini afungue ya MCHANGANYIKO

"Wakuu, mtoto kaja na fumbo la shule: maboksi matatu, lebo zote za uongo, binti wa mwenye duka anafungua moja tu anajua yote. Nani atupe hadithi yake fupi, na aeleze kwa nini boksi lile na si lingine?"

Hadithi kwanza, Mkuu.

Katoni tatu zilishushwa dukani kwa Mzee Bakari, Ngamiani, Tanga, fundi umeme akiwa ameshasimama kaunta anataka katoni nzima ya balbu za pini. Moja imeandikwa PINI, nyingine SKRUBU, ya tatu MCHANGANYIKO. Kila moja ina balbu 50. Kabla hazijafunguliwa, simu ikaita. Muuzaji wa jumla anaomba radhi: kijana wa stoo kabandika lebo zikiwa zimeruka nafasi moja, hakuna katoni hata moja iliyopata lebo yake. Tena iliyofunguliwa hairudishwi.

"Zimeruka kwenda mbele au kurudi nyuma?" Mwanaisha akauliza.

Mzee akauliza simuni. Kijana hakumbuki. Basi akaivuta ile ya PINI. "Tuanze na hii, ndiyo anayoitaka fundi."

"Hiyo hapana, Baba. Nipe ya MCHANGANYIKO."

Akabandua gundi upande mmoja, akapenyeza mkono, akatoa balbu moja. Kitako chake laini, hakina meno ya kuzungushia, na vijipini viwili vimechomoza ubavuni vikitazamana.

"Fundi achukue hii, ni pini tupu. Iliyoandikwa PINI ni skrubu. Iliyoandikwa SKRUBU ndiyo mchanganyiko."

"Na hizo mbili hujazigusa!"

"Sina haja, Baba." Akairudisha balbu, akachukua kalamu ya wino mzito.

Sasa kwa nini ile? Lebo yake ni ya uongo, kwa hiyo ndani hamna mchanganyiko. Kuna aina moja tu, na balbu moja inatosha kuisemea katoni nzima. Ikitoka pini, zote 50 ni pini. Katoni ya SKRUBU haiwezi kuwa na skrubu tupu, na pini tupu zimeshapatikana kwingine, hivyo imebakiwa na mchanganyiko. Ya PINI inachukua kilichosalia. Ingetoka skrubu, mambo yangegeuka upande wa pili. Hakuna njia ya tatu: lebo tatu zote zikikosea, ama zimesogea mbele nafasi moja, ama zimerudi nyuma. Ndiyo maana Mwanaisha aliuliza lile swali. Kijana angekumbuka, pasingekuwa na haja ya kufungua hata moja.

Mzee angeanza na ya PINI, ndani yake kuna skrubu tupu au mchanganyiko. Akitoa pini, kapata bahati, ni mchanganyiko. Akitoa skrubu, hajajua kitu. Chukulia mchanganyiko una skrubu 45 na pini 5: anaweza kutoa skrubu 45 mfululizo, pini ikaja ya 46.

Hapa ndipo wengi wanaposimulia fumbo hili vibaya. "Kufungua" kukiwa na maana ya kumwaga katoni yote mezani, basi boksi lolote linatosha, kwa sababu ukishajua kwa uhakika kilichomo katika moja, mbili zilizobaki zinajipanga zenyewe. Uteuzi wa MCHANGANYIKO una maana pale tu unaporuhusiwa kutoa kitu kimoja bila kuchungulia. Mwambie mtoto aliandike sharti hilo, la sivyo mwalimu makini atamkata maksi.

Sharti la pili ni ile simu. Lebo tatu zinaweza kubandikwa kwa njia 6: moja ni sahihi kabisa, tatu zina lebo moja sahihi, na mbili tu ndizo zinazokosea zote. Muuzaji angesema "kuna lebo zimekosewa" bila kusema zote, pini iliyotoka kwenye MCHANGANYIKO isingethibitisha lolote, maana huenda ile lebo ndiyo iliyo sawa.

Na mtoto akiulizwa kuhusu katoni nne za aina nne tofauti, lebo zote zikiwa za uongo, kufungua moja hakutoshi. Njia za kukosea zote zinakuwa 9, na baada ya kufungua moja zinabaki 3. Ya pili asiichague ovyo: afungue katoni iliyobandikwa jina la kile alichokikuta kwenye ya kwanza. Akikuta feni kwenye katoni ya PASI, afuate katoni ya FENI. Chochote atakachokikuta humo, mbili za mwisho zitajulikana. Akifungua nyingine, kuna uwezekano wa kubaki na njia mbili na kulazimika kufungua ya tatu.