Mdogo wangu alitafuta, mimi nikamtafutia dhambi

"Kaka, natamani Mungu awepo. Lakini nikiomba, naona nasema peke yangu." Mdogo wangu aliniambia hivyo baada ya miaka mitatu ya kufunga, kusoma na kuomba. Nikamuuliza ana dhambi gani anayoificha. Alinyamaza, akachukua simu yake, akaondoka.

Baadaye ndipo nilipokutana na hoja ya John Schellenberg, mwanafalsafa wa Kanada aliyeichapisha mwaka 1993, nikajua nimemjibu mtu ambaye hakuwa mbele yangu. Hoja yenyewe ni hii: anayekupenda kikamilifu hakufungii mlango kamwe. Huwezi kuwa na uhusiano na mtu usiyeamini kwamba yupo. Kwa hiyo Mungu mwenye upendo kamili angekuwepo, kila asiyempinga angeamini angalau kwamba yupo. Lakini wako wasioamini ambao hawampingi hata kidogo. Basi, anasema Schellenberg, Mungu wa namna hiyo hayupo.

Swali langu la dhambi lililenga hapo kwenye "wako": nilikuwa nasema kila asiyeamini ni mkaidi. Ukitaka kushika njia hiyo, ujue mzigo wake. Hoja inahitaji mtu mmoja tu asiye mkaidi, na wewe unalazimika kuwakana wote, pamoja na huyu aliyelia mbele yako. Tena imani haiwashwi kama taa. Jaribu sasa hivi kuamini kwamba umeketi chini ya bahari.

Jibu la pili nililojaribu lilikuwa Zaburi ya 88, inayoishia gizani. Nayo haikugusa jambo. Mzaburi analalamika *kwa* Mungu. Hana shaka kwamba kuna anayemsikia. Mdogo wangu hakuwa na wa kumlalamikia. Ukichanganya kiu ya mwenye imani na ukosefu wa imani, utamfariji mtu kwa maradhi asiyougua.

Kwangu mimi, ninayeamini bado, pa kubishania ni kule mwanzo, kwenye "kamwe". Mzazi anaweza kukaa kimya kwa muda kwa ajili ya mtoto, labda ili asitii kwa woga tu. Nilimwambia hivyo tulipopatana. Akauliza, "Mtoto aliyepotea msituni akiita usiku kucha, mama aliye nyuma ya mti ananyamaza kwa faida gani?" Mfano huo unafanana na wa Schellenberg mwenyewe, ingawa hakuwahi kumsoma. Nikasema huenda faida ipo na sisi hatuioni. Akakubali kwamba huenda, ila akanikumbusha kwamba kwa "huenda" hiyo hiyo ningeweza kumtetea mama yeyote anayenyamaza.

Sikuwa na la kuongeza. Anayeambiwa jambo kama hili, namshauri aulize kwanza: "Umeita kwa muda gani, na ulipoita ulitarajia nini?" Mimi nilimuuliza mwaka mmoja baadaye. Alijibu kwa saa mbili.