Breki ya mkono ilishika, gari likateleza

Pikapu yangu iliteleza nikiwa nimeshavuta breki ya mkono hadi mwisho. Ilikuwa Lushoto, uani kwa shemeji, kwenye mteremko wa changarawe. Nilikuwa nimeipaki ikiwa tupu, pua ikitazama chini. Nikiwa bado nimekanyaga breki ilitulia. Nilipoinua mguu tu, ikaanza kushuka polepole, ikaenda kuegemea mchongoma. Jana yake ilisimama palepale, vilevile, ikiwa na mifuko kumi ya saruji, na haikutikisika.

Fundi wa kwanza alisema nikaze waya wa breki. Lakini nilikuwa nimeangalia chini: nyuma ya matairi ya nyuma kulikuwa na mikwaruzo miwili iliyonyooka, changarawe imekokotwa. Waya ukilegea, tairi huzunguka na kuacha alama ya kashata zake. Tairi lililoburuzika bila kuzunguka limeshikwa vizuri na breki; kilichokosekana ni uzito wa kulikandamiza chini. Breki ya mkono ya pikapu yangu inashika matairi ya nyuma peke yake. Gia nayo haikusaidia, kwa sababu gari linavutwa na hayohayo ya nyuma.

Basi nikataka kujua nyuma kuna kilo ngapi. Kwa wauza vyuma chakavu kuna mizani ya magari. Nikapandisha matairi ya mbele tu: kilo 900. Kisha ya nyuma tu: kilo 600. Jumla 1,500. Ukipima hivi, hakikisha sehemu ya gari iliyobaki nje ya mizani iko usawa uleule na mizani, na breki umeziachia, la sivyo namba zitakudanganya.

Umbali kati ya ekseli mbili niliupima kwa futi kamba: mita 3. Sasa lichukulie gari kama ubao uliolala juu ya mawe mawili. Uzito wote, kilo 1,500, unashuka kwenye nukta moja, kitovu cha uzito. Fanya ekseli ya nyuma iwe egemeo. Ardhi inaisukuma ekseli ya mbele kwenda juu kwa 900, umbali wa mita 3, yaani 2,700. Ili ubao usibinuke, 1,500 mara umbali wa kitovu lazima iwe 2,700 pia. Kwa hiyo kitovu kiko mita 1.8 mbele ya ekseli ya nyuma, na mita 1.2 nyuma ya ile ya mbele. Kiko karibu na injini, na ndiyo maana mbele kunabeba zaidi. (Mwalimu wa fizikia atataka uzidishe kilo kwa 9.8 upate niutoni. Mgawanyo haubadiliki.)

Kwenye tambarare, kimo cha kitovu hakina kazi. Kwenye mteremko kinaingia, kwa sababu kadiri kitovu kilivyo juu ndivyo uzito unavyohamia matairi ya upande wa chini. Ua wa shemeji unashuka kama mita 1.8 kwa kila mita 10, karibu nyuzi 10. Kimo nilikikadiria mita 0.7 kutoka chini. Pua ikitazama chini, mbele kunapanda hadi kilo 947 na nyuma kunabaki 530. Ukijumlisha hupati 1,500 bali 1,477, kwa sababu mteremkoni uzito haukandamizi ardhi wote; sehemu yake, kilo 260 hivi, inalivuta gari kushuka, na kwa kuwa mvuto huo uko pembemraba na mkandamizo, haujumlishwi nao moja kwa moja. Hizo 260 zote zilitakiwa kuzuiwa na matairi yanayokandamizwa kwa 530. Ni karibu nusu ya uzito huo, 0.49, na changarawe iliyolegea si ya kuitegemea kwa kiasi hicho.

Geuza gari, pua itazame juu: nyuma kunakuwa 652, mvuto ni uleule 260, kinachohitajika ni 0.40 tu. Gari ni lile, breki ni ileile.

Na saruji? Kilo 500, katikati ya mzigo sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma. Watu hudhani mzigo hugawanyika mbele na nyuma. Mzigo ukivuka ekseli, nyuma huongezeka kilo 550 na mbele hupungua 50, kwa sababu unainyanyua pua. Kwa kusimama mlimani hilo lilinisaidia: pua ikiwa chini na kitovu kikiwa kimepanda hadi mita 0.8 hivi, mshiko uliohitajika ni theluthi tu, 0.33. Kwa kuendesha ni balaa, maana usukani unakuwa mwepesi. Mifuko inatakiwa isogezwe ibane kwenye kabini.

Siku hizi nikifika kwa shemeji napanda kinyumenyume? Hapana, hapo pua ingekuwa chini tena. Nikiwa bado chini ya mteremko naligeuza gari litazame juu, napanda kwa pua, navuta breki, kisha natia mawe mawili nyuma ya matairi ya mbele, yale ambayo breki ya mkono haiyagusi.