Koitobos kutoka Kisumu

"Tunatoka Kisumu, hatujawahi kupanda mlima. Koitobos, kilele kimojawapo cha Mlima Elgon, kwa siku mbili itawezekana?"

Itawezekana, ila mtaumia. Kisumu iko kama mita 1,100, Koitobos 4,222. Afadhali siku tatu: ya kwanza laleni Kitale, ya pili tembeeni pango la Kitum mlale karibu na lango la Chorlim, ya tatu ndiyo kilele, mkirudi kulala chini. Gari likiwapandisha juu sana asubuhi, msikimbie: ukishindwa kuongea ukitembea, punguza. Wapo wanaoshauri "kunywa maji tu"; wamepatia nusu. Maji hayazuii ugonjwa wa kimo, ule unaokupata ukipanda juu haraka. Mimi kichwa kiligonga, chakula kikanishinda, nikageuka. Ukianza kuyumba au kuhema ukiwa umekaa, shuka hapo hapo, hata usiku. Kuhusu diamoksi, dawa ya kuzuia ugonjwa huo, muulize daktari.