Mkunjo wa S Haukuambii Pesa Itakata Lini

Mtu akishaajiriwa ofisi ya mkandarasi kama mkadiriaji majenzi, kazi ya kwanza anayopewa huwa ni "tutengenezee mtiririko wa fedha". Nami nilipewa hiyo. Mradi ulikuwa madarasa manane na vyoo, shilingi milioni 240 bila kodi ya ongezeko la thamani, miezi sita, bila malipo ya awali.

Usigawe 240 kwa sita. Ukifanya hivyo unapata mstari ulionyooka, na hakuna jengo linalojengwa hivyo. Chukua ratiba ya kazi, kila kipengele cha jedwali la gharama kiweke kwenye mwezi ambao kitafanyika, halafu jumlisha. Kwetu mwezi wa kwanza ulikuwa wa kuchimba msingi na kujenga stoo, kazi ya milioni 16 tu. Mwezi wa pili 34, wa tatu 56, wa nne (lenta na paa) 62, wa tano 48, na wa sita, rangi na usafi, 24. Jumlisha kwa kulimbikiza:

```
=SUM($B$2:B2)
```

Buruta fomula hiyo chini, chora grafu, na umbo la S litajitokeza lenyewe: linaanza taratibu, linapanda kwa kasi katikati, linalala mwishoni.

Hapo ndipo nilipokosea, kwa kudhani nimemaliza. Mkunjo ule ni thamani ya kazi. Fedha ina mistari yake miwili: inayotoka na inayoingia. Gharama zetu zilikuwa asilimia 90 ya thamani, na zililipwa mwezi uleule. Malipo ya mteja yalifika mwisho wa mwezi wa pili baada ya mwezi wa kazi, kwa sababu ya kupima, kuandaa hati ya malipo na kusubiri. Tena kila hati ilikatwa zuio la asilimia 10, fedha ambayo mteja huishikilia hadi baada ya makabidhiano. Mstari wa fedha inayoingia kwa hiyo hauna umbo la S laini. Ni ngazi: unalala wiki nne, halafu unaruka siku moja.

Kwa milioni, hali ilivyokuwa kila mwisho wa mwezi kabla hati haijalipwa:

| Mwezi | Imetoka | Imeingia | Pengo |
|---|---|---|---|
| 1 | 14.4 | 0 | 14.4 |
| 2 | 45.0 | 0 | 45.0 |
| 3 | 95.4 | 0 | 95.4 |
| 4 | 151.2 | 14.4 | 136.8 |
| 5 | 194.4 | 45.0 | 149.4 |
| 6 | 216.0 | 95.4 | 120.6 |

Jedwali langu la kwanza halikuwa na safu hii ya pengo kabla ya malipo. Mimi niliandika salio la kufunga mwezi, baada ya malipo kuingia, na pengo kubwa kabisa nililoliona lilikuwa 106.2, mwezi wa nne. Bosi akaenda benki akaomba mkopo wa 110, akaridhika. Wiki ya tatu ya mwezi huo pesa ikakata. Mbao za paa zimefika saiti, dereva amekaa juu ya mzigo anataka hela yake, na mafundi wanalipwa Jumamosi. Tangu siku hiyo huwa napanga fedha kwa wiki, si kwa mwezi, na hati naiweka wiki ile inayotarajiwa kulipwa.

Pengo likionekana, watu hukimbilia kwa muuza vifaa kuomba mkopo wa siku 30. Unasaidia. Kama nusu ya gharama ingelipwa mwezi mmoja baadaye, kilele cha 149.4 kingeshuka hadi 127.8. Lakini jaribu kubadilisha kitu kimoja tu, hati ilipwe mwezi mmoja mapema: kilele kinashuka hadi 106.2, yaani nafuu mara mbili ya ile. Ndiyo maana siku hizi napima kazi pamoja na mhandisi mshauri tarehe 25, kabla mwezi haujaisha, ili tarehe 1 hati iwe mezani kwake bila ubishi wa vipimo.

Kila mwezi chora pia mstari wa matumizi halisi juu ya ule wa mpango. Ukiona uko chini, usiite akiba mpaka uende saiti uone kama kazi iliyopangwa imefanyika. Mara nyingi ni ukuta ambao haujajengwa.

Mradi ulipokwisha, bosi aliniuliza faida iko wapi, maana akaunti ilikuwa tupu. Nikamwonyesha: hati baada ya makato zilikuwa 216, gharama 216. Faida yote, milioni 24, ilikuwa ndani ya zuio. Nusu ililipwa baada ya makabidhiano, na nusu ikasubiri miezi 12 ya matazamio ya kasoro za jengo.