Maswali na Majibu: Usipokijua Kioo, Punguza Maneno

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaotuma majibu na taarifa kwa wateja: makarani wa kliniki, watunza mifumo wa vyama vya akiba na mikopo, watengenezaji wa programu. Nimechagua zile zinazogusa jambo ambalo wengi bado wanalipuuza, nalo ni kwamba sehemu ya wasomaji wao husomea kwenye kifundo cha mkono.

"Jibu linalokwenda kwenye saa janja liwe na maneno mangapi hasa?" (Mtengenezaji wa programu, Arusha)

Swali hili huletwa karibu kila mara bila kutajwa ni saa gani, maandishi yamewekwa kwa ukubwa gani, wala anayeivaa ana macho ya namna gani. Saa ndogo ya kwanza ya Apple, iliyoanza kuuzwa mwaka 2015, ilikuwa na pikseli 272 kwa 340, ilhali Series 7 ya kioo kikubwa, ya mwaka 2021, ina 396 kwa 484. Ukiingia kwenye saa za duara, mraba mkubwa kabisa unaoweza kukaa ndani ya duara unachukua takriban asilimia 64 tu ya eneo lake, kwa hiyo pembe zote za aya yako hazina pa kukaa. Acha kutafuta idadi ya maneno. Andika sentensi moja ambayo mtu akiisoma peke yake ameshapata jibu, kisha ndipo uhesabu.

"Kwa nini tusiweke msimbo utambue kifaa cha mteja, kisha tumpe jibu refu au fupi kulingana na kifaa hicho?" (Mwanafunzi wa kompyuta, Nairobi)

Kwa sababu mara nyingi utakuwa unakisia, na msimbo hautakuambia kwamba umekisia.

Chukua arifa ya kawaida inayotumwa kwa mtu mwenye iPhone na saa yake. Ikifika wakati simu imefunguliwa, huonekana kwenye simu; ikifika wakati simu imefungwa au imelala, huonekana kwenye saa, ilimradi saa imevaliwa na haijafungwa. Uamuzi huo hufanyika kati ya vifaa viwili vya mteja, baada ya ujumbe kuondoka kwako, na wewe mtumaji hupewi taarifa. Namba ni ileile na akaunti ni ileile, lakini kioo kimebadilika.

Kwenye tovuti hali si bora sana. Tangu toleo la 110 la Chrome, la mwaka 2023, jina la modeli ya simu ya Android katika utambulisho wa kivinjari limebadilishwa kuwa herufi `K`, hata simu iwe ya aina gani. Saa za Apple nazo, tangu zilipoanza kufungua kurasa za tovuti mwaka 2018, huziambia kurasa kwamba upana ni 320 kwa vipimo vya ukurasa wa tovuti, ambavyo si pikseli za kioo zenyewe, hata pale upana wa kioo cha milimita 42 cha wakati huo, kwa vipimo hivyohivyo, ulipokuwa 156, kisha huupunguza ukurasa mzima uenee. Zilifanya hivyo kwa nia njema, ili kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya simu zisivunjike. Hata hivyo, anayesoma kipimo hicho na kuamini kwamba anazungumza na simu ndogo atakuwa amekosea kwa zaidi ya mara mbili.

Ipo njia ya kuuliza waziwazi, ambapo seva huomba kivinjari kitaje umbo la kifaa, na mojawapo ya majibu yanayoruhusiwa ni `"Watch"`:

```
Accept-CH: Sec-CH-UA-Form-Factors
```

Itumie, lakini elewa mipaka yake. Si vivinjari vyote vinavyojibu, na katika ombi la kwanza kabisa kivinjari bado hakijaombwa, kwa hiyo hakina sababu ya kujibu. Kimya si ushahidi kwamba kifaa ni kikubwa, na hapa ndipo watengenezaji wengi wanapojikwaa: wameandika kwamba ikitajwa saa jibu liwe fupi, na isipotajwa liwe refu. Mpangilio huo uko kichwa chini. Jibu refu ndilo linalotakiwa kuombewa ushahidi. Mtu akiwa ameandika swali katika dirisha pana la kompyuta na bado dirisha hilo liko wazi mbele yake, mpe aya tatu. Akiwa ndani ya programu yako kwenye simu, mpe aya moja. Kadiri unavyopungukiwa na uhakika, ndivyo jibu linavyopungua, na usipojua chochote, andika kama vile anasoma kwenye saa. Aliyepata sentensi moja kwenye kioo kikubwa atabonyeza mara moja apate mengine. Aliyepata aya tatu kwenye saa atashusha mkono kabla hajafika kwenye jibu. Hasara hizi mbili hazilingani hata kidogo.

Zingatia pia kwamba ushahidi huchakaa. Mteja aliyeuliza saa tatu asubuhi akiwa ofisini, ukimjibu saa tano, huenda yuko nyuma ya bodaboda.

"Mfumo wetu hukata ujumbe baada ya herufi 80 na kuweka nukta tatu. Je, hilo halitoshi?" (Karani wa kliniki, Morogoro)

Halitoshi, na ninaomba ulichukulie kwa uzito kwa sababu unashughulika na wagonjwa.

Shangazi yangu alinunuliwa saa janja na mwanawe. Kliniki moja, ambayo sitaitaja, ilimpelekea ujumbe huu: "Mpendwa mteja, tunapenda kukutaarifu kwamba miadi yako ya kliniki ya macho iliyopangwa kufanyika siku ya Jumanne tarehe 14 Oktoba saa tatu asubuhi imeahirishwa hadi siku ya Alhamisi tarehe 16 Oktoba saa nne asubuhi." Shangazi aliinua mkono akiwa anachambua mchele, akaona macho, Jumanne, tarehe 14, saa tatu asubuhi, akashusha mkono. Jumanne alfajiri alipanda basi kutoka Muheza hadi Tanga mjini, akaambiwa mlangoni kwamba daktari hayupo.

Hesabu herufi za ujumbe ule pamoja na nafasi. Salamu na utangulizi vimekula 43 kabla ya neno lolote lenye maana. Kitenzi chenye habari, "imeahirishwa", kimeanza baada ya herufi 147. Kila kilichotangulia kilikuwa tarehe ya zamani, yaani tarehe ambayo haikupaswa kukumbukwa tena. Sasa upitishe ujumbe huo kwenye mfumo wako wa herufi 80, na mgonjwa atapata: "Mpendwa mteja, tunapenda kukutaarifu kwamba miadi yako ya kliniki ya macho iliyo…" Huko si kufupisha. Mashine imekata mahali ilipofikia, nayo haijui habari iko wapi.

Ujumbe ule ungeandikwa hivi: "Miadi ya macho imehamia Alhamisi 16 Okt, saa 4 asubuhi. Si Jumanne 14." Ni herufi 70 kamili. Kitenzi kimekaa mwanzoni, tarehe mpya imetangulia, na ile ya zamani imekuja mwisho ikiwa imekanushwa, ili hata ikikatwa asipotee mtu. Maelezo ya radhi, ramani na namba ya simu yakae kwenye ujumbe kamili ambao atakayetaka ataufungua.

"Ujumbe wetu wa SMS una herufi 120 tu, lakini tunatozwa kama jumbe mbili. Tumeibiwa?" (Mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, Dodoma)

Hamjaibiwa, tazameni alama ya king'ong'o. SMS moja hubeba herufi 160 iwapo zote zimo katika orodha ya msingi iitwayo GSM-7, na ikipenya hata alama moja iliyo nje ya orodha hiyo, ujumbe mzima huhamia orodha nyingine pana iitwayo UCS-2, ambamo nafasi ni 70 tu, au 67 kwa kila kipande ujumbe ukigawanywa. Alama iliyonyooka katika "ng'ombe" imo kwenye orodha. Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia nyaraka huiweka zenyewe bila kuulizwa, haimo. Emoji nazo hazimo. Badilisheni alama hiyo, na herufi zenu 120 zitaingia katika ujumbe mmoja.

"Tukitumia vifupisho vya vijana, si tutaokoa nafasi zaidi?" (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Msomaji wa saa ana muda mfupi, na kifupisho humlazimisha kufumbua. Nawaonya hasa wanaofuta neno "asubuhi" au "jioni" ili kubana. Kwetu saa nne ya asubuhi ni 10:00 kwenye uso wa saa ileile anayosomea ujumbe, na "saa 4" ikiachwa peke yake inaweza kusomwa kwa namna zaidi ya moja. Toeni "Mpendwa mteja" kwanza.

"Wazee wetu hawataona kwamba jibu lisilo na salamu ni utovu wa adabu?" (Mtumishi wa hospitali, Zanzibar)

Nimelifikiria sana swali hili, kwa kuwa mimi pia nimelelewa kutoingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Lakini ujumbe una sehemu mbili, na salamu inaweza kukaa katika ya pili. Weka habari kwanza, kisha "Asante, tunakutakia afya njema" katika maelezo yatakayofunguliwa. Mzee atakayesafiri bure kwa sababu ya salamu ndefu hataiona adabu hiyo.

Kwa kuwa unatoka hospitalini, naongeza jambo ambalo hukuliuliza. Jibu fupi lenye habari mwanzoni husomwa pia na aliyeketi jirani kwenye daladala. Usiweke majibu ya vipimo, jina la dawa wala jina la kliniki nyeti katika sentensi ya kwanza, andika "Majibu yako yako tayari. Fungua simu ukiwa peke yako."

"Kuna jibu ambalo halifai kufupishwa kabisa?" (Afisa mikopo, Kisumu)

Lipo, na masharti ya mkopo ni mfano mzuri. Kipimo cha dawa chenye masharti ni mwingine. Sentensi fupi isijifanye kuwa ndilo jibu zima: "Mkopo umekubaliwa" pekee, huku riba na tarehe ya kulipa vikiwa vimefichwa, ni udanganyifu. Andika "Mkopo uko tayari kusainiwa. Soma riba na tarehe kwenye simu kabla ya kukubali," na usiweke kitufe cha kukubali kwenye saa.

"Hatuna fedha za kununua saa za kujaribia. Tutajuaje kwamba tumefupisha vya kutosha?" (Mtengenezaji wa programu, Kampala)

Nakili ujumbe, uache herufi 70 za mwanzo, ufute zilizobaki. Mpe mtu asiyefanya kazi nanyi, aangalie kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, kisha uufunike ujumbe. Muulize afanye nini na lini. Akijibu "nadhani", rudini mkaandike upya.