Mabadiliko yaliyotenguliwa yanasema nini kuhusu mapitio

"Mwezi uliopita tuliunganisha maombi 60 ya mabadiliko ya msimbo, tukatengua 6. Je, mapitio yetu ni dhaifu?"

Ndugu, asilimia 10 hiyo peke yake haitoshi kuyahukumu mapitio. Yaorodheshe kwanza yaliyotenguliwa:

```
git log --oneline --since='1 month ago' --grep='^Revert'
```

Kisha fungua mistari iliyobadilishwa katika kila moja, ujiulize kama mpitiaji makini angeweza kuiona kasoro humo. Tuseme kasoro 4 zilitokana na mipangilio ya seva inayohudumia watumiaji, ambayo haikuwamo katika ombi, basi zilizoyapenya mapitio ni 2 tu. Hesabu pia marekebisho ya dharura yaliyofuata, kwa kuwa timu inayorekebisha bila kutengua (nazo si chache) huonekana safi isivyostahili. Hatimaye tenganisha maombi makubwa na madogo, maana ombi la mistari 900 aghalabu hupitiwa juu juu.